Shajara ya mradi: kichwa cha jedwali la malipo ya kahawa kinapotea njiani

Jumatatu usiku

Naandika hii kwa sababu mradi wa kuhamisha daftari la chama chetu cha msingi kuingia kwenye kompyuta umefika pabaya, na nataka kila hatua ibaki imeandikwa ili atakayekuja baada yangu asianze upya. Chama kipo huku juu Kibosho, wanachama wanaoleta kahawa ya maganda msimu huu ni 412, na shiti ya Excel inayotuumiza inaitwa `Malipo`. Mistari mitatu ya juu ina jina la chama, jina la msimu na mmoja mtupu, halafu mstari wa 4 ndio wenye kichwa cha jedwali: Na., Namba ya uanachama, Jina la Mwanachama, Kitongoji, Kilo, Malipo ya awali, Makato, Salio, Sahihi. Kuanzia A mpaka I, kolamu tisa. Watu wenyewe wanaanzia mstari wa 5.

Jumamosi tulikuwa na mkutano wa kugawa malipo ya awali na ulivurugika. Mzee mmoja, mtu mpole kabisa, alipewa karatasi ya ukurasa wa 7 aangalie mstari wake asaini, akaangalia, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini "mmenikata laki mbili na tisini na nne, mbolea gani hiyo niliyochukua mimi?" Ukumbi mzima ukageuka. Ukweli ni kwamba hizo 294,000 ndizo alizotakiwa KUPEWA. Alileta kilo 96, kwa bei ya awali ya 5,000 ni 480,000, makato ya pembejeo 186,000, salio 294,000. Ila kwenye karatasi aliyoshika hapakuwa na kitu chochote juu ya zile namba. Namba tupu zimepangana, 96, 480,000, 186,000, 294,000, sasa mtu atajuaje ipi ni makato na ipi ni salio? Aligoma kusaini na mimi simlaumu hata kidogo, na waliomfuata nao wakagoma, tukaondoka saa kumi na mbili jioni hakuna aliyelipwa kuanzia ukurasa wa 7 kushuka chini.

Karani alinifuata nje akaniambia, "Mwanangu, vichwa niliviweka kila ukurasa, kwa mkono wangu, sijui vimeenda wapi." Nikamwambia mzee wangu nipe flashi, nitaangalia.

Jumanne

Nimeona vilikoenda. Vipo, ila vipo katikati ya kurasa.

Karani alifanya kitu ambacho wengi wanafanya. Alipoona kichwa kinatoka ukurasa wa kwanza tu, alihesabu mistari inayoingia kwenye karatasi moja kwa printa ya ofisini, akapata 38, akaenda kila penye mwanzo wa ukurasa akaingiza mstari mpya na kupesti kichwa. Kopi 11, kwa kurasa 12. Kwenye printa yake ilikaa vizuri kabisa. Ijumaa wino ukaisha, akashuka mjini na flashi mpaka steshenari moja karibu na stendi, na ile kompyuta ya pale na printa yake wanakata ukurasa kwenye mstari wa 36. Tofauti ya mistari miwili tu, lakini inajilimbikiza: ukurasa wa 2 kichwa kimeshuka chini mistari miwili, wa 3 minne, ukifika ukurasa wa 7 kimeshuka mistari 12. Yaani watu 12 wa kwanza kwenye ule ukurasa wamekaa JUU ya kichwa, na mzee wetu alikuwa wa tisa. Nimeikalia na rula ile karatasi yenyewe, ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo kichwa cha kupesti kinategemea printa, ukubwa wa maandishi, marjini, hata mstari mmoja ukinenepa kwa sababu jina refu limekunjwa basi kila kitu kinasogea. Hakifai. Na kuna ubaya mwingine nimeugundua nilipojaribu kupanga majina kwa alfabeti: zile kopi 11 zote zikajikusanya sehemu moja, kati ya majina yanayoanza na Je na yanayoanza na Jo, kwa sababu kwa Excel "Jina la Mwanachama" ni jina la mtu kama mengine. Halafu nikahesabu wanachama:

```
=COUNTA(C5:C427)
```

Ikaniletea 423. Sisi tuko 412. Kumbe hata ile idadi iliyosomwa mkutanoni, ambayo watu waliinong'ona kwamba kuna wanachama hewa, ilitoka hapa. Wanachama hewa 11 ni vichwa 11. Jumla za pesa hazikuharibika maana `SUM` inaruka maandishi, namshukuru Mungu kwa hilo, ila hesabu ya watu iliharibika.

Nimerudisha faili la kabla ya kupanga, nikaweka `Filter` kwenye mstari wa 4, kolamu C, nikatoa tiki zote nikabakiza moja tu ya "Jina la Mwanachama". Chini kushoto ikaandika `11 of 423 records found`, nikapumua, maana hiyo ndiyo namba niliyoitaka. Nikachagua ile mistari 11 yote kwa namba zake za pembeni, klik ya kulia, `Delete Row`, kisha nikaondoa filta. Hesabu ikasoma 412, mistari ya watu sasa ni wa 5 mpaka wa 416.

Sasa jedwali ni safi, na kichwa kipo kimoja tu. Kwa maana hiyo tatizo la mwanzo kabisa limerudi lilivyokuwa, na ni matatizo mawili siyo moja: kwenye skrini ukishuka kichwa kinapotea, na kwenye karatasi ukurasa wa 2 kuendelea hakipo.

Jumatano

Leo la skrini. Hili mimi mwenyewe limeniuma maana ndiye ninayeingiza data. Ukifika mstari wa 200 na kitu juu yako unaona kahawa za watu tu, namba na namba, na kolamu F na G na H zote ni pesa. Nilirudia kukagua dhidi ya vitabu vya mkono nikakuta sehemu tatu nimeandika makato kwenye malipo ya awali, zote tatu ziko chini ya mstari wa 190, juu huko hakuna hata moja. Kosa linakuja pale macho yanapokosa kichwa.

Nilifanya haraka, nikaenda `View`, `Freeze Panes`, nikabonyeza `Freeze Top Row` kwa kuwa jina lake linavutia. Nikashuka chini: kilichobaki juu ni jina la chama. Ndiyo, mstari wa juu ni wa 1, na wa 1 kwetu ni jina la chama, kichwa kipo wa 4. Nikaondoa kwa `Unfreeze Panes`, nikashuka kidogo ili kichwa kije juu kabisa ya skrini, nikabonyeza tena `Freeze Top Row`. Safi, kichwa kikakaa! Nikafanya kazi saa nzima nikifurahi.

Mchana karani akafungua, akanipigia: "Jina la chama umefuta?" Sikuwa nimefuta. `Freeze Top Row` inashika mstari wa juu UNAOONEKANA wakati ule, na vilivyo juu ya hapo vinafungiwa nje, ukipandisha haupandi. Mistari ya 1 mpaka 3 ipo ndani ya faili lakini hakuna wa kuifikia kwa kuskroli. Unaitambua hali hii kwa namba za pembeni kushoto: zikianza na 4 badala ya 1 na haziendi juu, ujue kuna mtu alifrizi akiwa ameshuka. Na ukiwa umeshuka sana inakuwa mbaya zaidi, mtu akifrizi akiwa mstari wa 40 basi watu thelathini na kitu wa mwanzo wamepotea machoni na mtu mwenye haraka anaweza kudhani wamefutwa akaanza kuwaandika upya.

Njia iliyokaa vizuri ni hii. Kwanza toa kufrizi kote, kisha `Ctrl+Home` urudi A1, hakikisha namba ya pembeni inaanza na 1. Halafu bonyeza seli ambayo juu yake yote na kushoto kwake yote unataka vibaki. Mimi nilibonyeza D5. Juu ya D5 kuna mstari wa 1 mpaka wa 4, kushoto kwake kuna A, B na C, yaani namba na jina la mtu. Kisha `View`, `Freeze Panes`, na ndani yake ile ya kwanza inayoitwa tena `Freeze Panes`. Kwa kibodi ni Alt, halafu W, F, F. Unaona mistari miwili myembamba ya kijivu, mmoja umelala chini ya mstari wa 4 na mwingine umesimama baada ya kolamu C. Ukishuka mpaka wa 416 kichwa kipo, ukienda kulia mpaka Sahihi jina la mtu lipo.

Jaribio ambalo nimelipenda: ukiwa popote bonyeza `Ctrl+Home`. Ukiwa umefrizi vizuri mshale unaenda D5, hauendi A1. Ukienda D5 na juu unaona mistari yote minne, imekaa.

Kitu kimoja kilitusumbua. Katibu alikuwa ameweka nembo ya chama mstari wa 1 na kuunyanyua ule mstari ukawa mrefu sana. Sasa ukifrizi minne ya juu, ile nembo inaganda nayo, na kwenye laptopu ndogo ya ofisi karibu nusu ya skrini ikawa nembo, watu wanaonekana kumi tu chini yake. Sehemu iliyofrizwa ikizidi dirisha lenyewe huwezi hata kuona chini. Nilimwomba katibu kwa heshima tuipunguze nembo, akakubali, mstari ukarudi kuwa wa kawaida.

Alhamisi asubuhi

Karani kapiga simu saa mbili, kichwa kimepotea tena kwenye skrini. Nikapanda daladala nikaenda. Alikuwa amebonyeza kale kapicha ka chini kulia ka `Page Layout`, ili aone karatasi itakavyokuwa, kukatokea ujumbe, akasema ndiyo. Ule mwonekano hauendi pamoja na kufrizi, ukikubali kufrizi kunaondoka, na hata ukirudi `Normal` hakujirudishi, unafrizi upya kwenye D5. Nimemwonyesha `Normal` ilipo. Nimeandika pia kwenye karatasi ukutani kwamba `Page Layout` iko mara mbili, kuna kichupo cha juu na kuna ule mwonekano wa chini, na tunachokitaka leo ni cha juu.

Alhamisi mchana

La karatasi sasa, na hili ndilo lililotutia aibu mkutanoni.

Kwanza nilitaka kuthibitisha kitu ambacho karani alikuwa anakiamini: kwamba tukishafrizi basi na printa itafuata. Nikafungua `File`, `Print`, nikapekua mpaka ukurasa wa 2. Hakuna kichwa. Kufrizi ni kwa macho ya skrini tu, printa haikujui. Ni mipangilio miwili isiyojuana na lazima uweke yote miwili.

Nikiwa pale pale kwenye `Print` nikabonyeza kale kaandishi ka chini `Page Setup`, nikaenda `Sheet`, nikaona kabisa sanduku la `Rows to repeat at top`. Limefifia. Halikubali kuandikwa. Nikazima Excel nikawasha, nikahisi labda ni toleo la zamani, nikapoteza kama nusu saa na umeme ukakatika katikati. Kumbe `Page Setup` ukiifungulia ndani ya `Print` lile sanduku huwa limefungwa, lazima utoke urudi kwenye shiti yenyewe, uende kichupo cha `Page Layout`, ubonyeze `Print Titles`. Dirisha ni lile lile, lakini sasa sanduku liko wazi. Linaweza kufungwa pia ukiwa umechagua shiti mbili kwa pamoja, kwa hiyo kama chini unaona majina ya shiti zaidi ya moja yamekuwa meupe bonyeza moja tu kwanza.

Ukishalifungua, weka mshale ndani ya `Rows to repeat at top` na kisha bonyeza namba 4 pembeni ya shiti. Inajiandika:

```
$4:$4
```

Hapa nilisita, niweke `$1:$4` au `$4:$4`? Nilichagua ya pili. Ukurasa wa 1 unachapa mistari yote kuanzia 1 kama ilivyo, jina la chama na msimu na kichwa, na kuanzia ukurasa wa 2 kinarudiwa kichwa peke yake. Ukiweka minne yote basi kila karatasi inapoteza nafasi ya watu watatu. Ila mkihitaji jina la chama kila ukurasa kwa ajili ya mkaguzi, wekeni yote, hakuna ubaya. Sharti ni mistari iwe imeshikana, huwezi kuchukua wa 1 na wa 4 ukaacha ya kati.

`Columns to repeat at left` nimeiacha tupu, kwa sababu nimegeuza karatasi ilale, A4, na kwenye kichupo hicho hicho nimeweka `Width` iwe `1 page` na `Height` ibaki `Automatic`, hivyo kolamu zote tisa zinaingia karatasi moja. Ukikosea ukaweka na `Height` kuwa `1 page`, Excel inajaribu kuwabana watu wote 412 kwenye karatasi moja na maandishi yanakuwa kama mbegu za ulezi.

Nikarudi `Print`, nikapekua moja moja: 2 kipo, 7 kipo, 12 kipo. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya watu wote. Ukibadilisha printa na ukurasa ukakatika 36 au 38 au 41, kichwa kinafuata, maana hakijapestiwa popote, Excel inakiweka yenyewe wakati wa kuchapa. Nilijaribu makusudi, nikaongeza marjini ya chini ili mistari ipungue, kurasa zikaongezeka na kila moja ikaja na kichwa chake.

Ijumaa

Nimepima mambo yanayoweza kuvunja, kabla ya kumkabidhi karani.

Katibu alitaka mstari mmoja zaidi juu wa kuandika tarehe ya malipo. Nikaingiza mstari juu ya kichwa, kichwa kikahamia wa 5. Nikaenda `Formulas`, `Name Manager`, pale kuna jina `Print_Titles` ambalo Excel imelitengeneza yenyewe, nikakuta limeshajibadilisha:

```
=Malipo!$5:$5
```

Kwa hiyo kuingiza mstari juu hakuharibu. Kinachoharibu ni kufuta mstari wa kichwa wote na kuandika mwingine, hapo jina linakuwa `#REF!` na karatasi zinarudi uchi bila onyo lolote. Ukitaka kubadilisha maneno ya kichwa, andika juu ya seli zile zile, usifute mstari. Nimemwambia karani hivyo mara mbili, akaniambia "nimekusikia mwanangu, siufuti."

Halafu jina hilo ni la shiti moja. Shiti ya mbolea na shiti ya wanachama kila moja inahitaji ya kwake. Ila kwa msimu ujao, ukiichukua shiti hii kwa `Move or Copy` na tiki ya `Create a copy`, mpangilio wa kuchapa unakwenda nao, huna haja ya kuanza tena.

Na kwa steshenari hatupeleki tena faili lenyewe. Nimelihifadhi kama PDF hapa hapa ofisini, kurasa zimeshakatwa na vichwa vimeshakaa, kule wanachapa walichopewa.

Jumamosi

Mkutano umefanyika. Nilimwomba mwenyekiti tuanze na ukurasa wa 7, akakubali. Nilimpelekea yule mzee karatasi mimi mwenyewe, nikamwamkia, nikakaa pembeni yake. Aliweka kidole kwenye jina lake akakipeleka kulia polepole, kisha akapandisha macho juu mpaka kwenye kichwa kila alipofika kwenye namba, anasoma kwa sauti: kilo, tisini na sita. Malipo ya awali. Makato, mia na themanini na sita, "hiyo ndiyo mbolea, naikumbuka." Salio. Akatulia hapo. Akasema "kumbe ndiyo ya kupokea," akaomba kalamu.

Tumemaliza kurasa zote saa nane na nusu mchana. Zimebaki sahihi 6 za wasiofika. Jumatatu naanza shiti ya mbolea, kichwa chake karani alikigawa mistari miwili na kuunganisha seli, hivyo kufrizi itakuwa seli moja chini zaidi na kwenye `Rows to repeat at top` itabidi mistari yote miwili iingie.